Mwenye chombo cha uvuvi atozwe vipi: ngazi moja, au mshahara mbali na mtaji mbali?

Tangu Tume ya Rais ya maboresho ya kodi ilipozinduliwa Oktoba 2024, swali moja limekuwa likinirudia hapa Kigoma, hasa kutoka kwa watu ninaowatunzia hesabu: kwa nini mwalimu akatwe hadi asilimia 30 kwenye shilingi yake ya mwisho, na mwenye nyumba ya kupangisha aishie asilimia 10? Wengine wanaliuliza kinyume chake. Wanasema ile asilimia 10 ndiyo yenye akili, na kwamba fedha zote zitokanazo na mtaji zingetozwa hivyo hivyo, kiwango kimoja, bila ngazi.

Wanachokitaka hawa wa pili tayari kina historia. Kinaitwa kodi ya mapato ya mikondo miwili, na kilianzia nchi za Kaskazini mwa Ulaya: Denmark ilifungua njia mwaka 1987, Sweden ikafuata 1991 kwa asilimia 30 kwenye mapato ya mtaji, Norway 1992 kwa asilimia 28, Finland 1993 kwa asilimia 25. Mshahara unapanda ngazi kama kawaida, kiwango kikiongezeka kadiri kipato kinavyoongezeka. Riba, pango, gawio na faida ya kuuza mali vinakwenda mkondo wa pili, wenye kiwango kimoja kisichobadilika hata kama mtu ana mabilioni.

Nitaulinganisha mfumo huo na ule wa ngazi moja, ambao hujumlisha mapato yote ya mtu, yawe ya jasho au ya mali, kisha kuyapandisha ngazi moja. Sisi tuko katikati. Riba ya benki ina zuio, yaani kodi inayokatwa kabla ya malipo kumfikia mtu, la asilimia 10, pango asilimia 10, gawio asilimia 10 au 5 kama kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam, na mshahara una ngazi zake. Inafanana na mikondo miwili ukiitazama kwa mbali. Ila kwetu kila aina ya mapato imechimbiwa mfereji wake, na mifereji hiyo haikupimwa pamoja.

Mtu asiyefanya kazi na mtaji wake: hapa ni rahisi

Chukua mtumishi mwenye mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, baada ya mchango wa pensheni kuondolewa. Kodi yake ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya 200,000 zinazozidi, yaani 60,000. Jumla 188,000. Ana vyumba vinne Mwanga anavyopangisha kwa 50,000 kila kimoja, hivyo anaingiza 200,000 kwa mwezi. Alikopa ili ajenge. Riba ya mkopo ni 80,000 kwa mwezi, na ukarabati tuuweke 20,000.

Kwenye ngazi moja, pango linaongezwa juu ya mshahara baada ya kutoa riba na ukarabati. Linabaki 100,000, linaangukia kwenye asilimia 30, kodi ni 30,000. Kwa zuio letu la sasa analipa 20,000, maana asilimia 10 inapigwa kwenye pango zima, na gharama hazitazamwi. Kwenye mikondo miwili kamili, kama kiwango cha mtaji kingekuwa hiyo hiyo asilimia 10, angelipa 10,000, kwa sababu mfumo huo hutoza kilichobaki baada ya gharama.

Watu wengi hawaioni tofauti hii ya pili. Wanadhani zuio letu ndilo mikondo miwili. Asilimia 10 ya pango zima, kwa huyu mwenye mkopo, ni sawa na asilimia 20 ya faida yake. Jirani yake aliyerithi nyumba bila deni analipa asilimia kumi na kidogo ya faida. Kiwango kimeandikwa kimoja, lakini mzigo ni viwili.

Kuna sababu nzuri ya kutotaka riba na pango vipande ngazi. Tuseme bibi ana milioni 10 kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 8, na bei za vitu zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Anapata 800,000, lakini 400,000 ya hizo inafidia tu fedha iliyopungua nguvu. Faida yake ya kweli ni 400,000. Mtoze asilimia 30 ya riba yote, ni 240,000, na hapo umechukua asilimia 60 ya faida ya kweli. Mtoze asilimia 10, umechukua 80,000, ambayo ni asilimia 20. Mshahara hauna tatizo hili, kwa kuwa hulipwa na kutumika katika mwezi ule ule.

Sababu nyingine iliwasukuma zaidi wale wa Kaskazini, nayo ni deni. Miaka ya 1980 ngazi zao zilipanda kupita asilimia 50, na riba ya mkopo iliruhusiwa kutolewa kwenye mapato. Mwenye kipato kikubwa akikopa, serikali inabeba zaidi ya nusu ya riba yake. Sweden ilifika mahali ambapo makato ya riba yalizidi mapato ya mtaji yaliyotangazwa, hivyo kodi ya mtaji kwa watu binafsi ikawa inatoa fedha badala ya kuleta. Kuhamisha mtaji kwenye kiwango cha chini kulipunguza pia thamani ya kukopa ili kukwepa kodi. Ndiyo maana nasema kodi ndogo kwa mtaji si lazima iwe zawadi kwa matajiri. Wakati mwingine ndiyo inayowanyang'anya matajiri kipunguzo chao.

Kwa hiyo kwa mwenye akiba, mwenye hisa na mwenye vyumba vya kupangisha, mimi nachagua mikondo miwili bila kusita, kwa sharti kwamba kodi ipigwe kwenye faida na kiwango kiwe kimoja kwa riba, pango na gawio. Shida iko kwingine.

Mtu anayefanya kazi na mtaji wake: hapa ndipo pagumu

Nenda Kibirizi alfajiri, usiku wa giza ukiisha. Mitumbwi inarudi na dagaa na migebuka, na mwenye chombo wakati mwingine ndiye huyo huyo aliyeshika usukani usiku kucha. Fedha anayobaki nayo ni ya nini? Ni ujira wa nahodha, au ni pato la mtumbwi, injini, nyavu na taa? Kwenye ngazi moja swali hilo halina maana, faida ni faida. Kwenye mikondo miwili kila kitu kinasimama juu yake.

Tumpe hesabu. Mali yake yote ya uvuvi, baada ya uchakavu, ina thamani ya milioni 30 kwenye daftari. Mauzo ya mwaka yamepita milioni 100, kwa hiyo hayumo tena kwenye kodi ya makadirio ya mauzo, na anatunza hesabu. Baada ya mafuta, mgawo wa wavuvi, ukarabati na uchakavu, amebaki na faida ya milioni 15.

Ngazi za mwaka ni zile zile za mshahara zikizidishwa mara 12: sifuri hadi 3,240,000, kisha asilimia 8 hadi 6,240,000, asilimia 20 hadi 9,120,000, asilimia 25 hadi milioni 12, na asilimia 30 kwa zinazozidi. Akipandishwa ngazi kwa faida yote, analipa 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza na 900,000 kwa tatu zinazozidi. Jumla 2,436,000.

Sasa weka mikondo miwili, kiwango cha mtaji asilimia 10, na umwache achague mwenyewe. Mtu mwenye akili atasema mshahara wake ni 6,240,000, ambao kodi yake ni 240,000 tu, na 8,760,000 zilizobaki ni pato la mtaji, kodi 876,000. Jumla 1,116,000. Amepunguza zaidi ya nusu kwa kuandika tu, hakuna wavu hata mmoja ulioongezeka majini. Ukiona nchi imeweka mikondo miwili bila kanuni ya kugawa, ujue hicho ndicho kitakachotokea kila mahali.

Kanuni ya kugawa inaweza kuanzia upande wa mtaji au upande wa kazi.

Norway ilianzia kwenye mtaji. Sheria inasema mali ya biashara ihesabiwe kuwa imeleta pato la kawaida, kiasi fulani kwa mia ya thamani yake, na kinachobaki chote ni jasho. Tuseme kiwango hicho ni asilimia 12. Kwa mali ya milioni 30, pato la mtaji ni 3,600,000, kodi yake 360,000. Zilizobaki 11,400,000 zinapanda ngazi, kodi 1,386,000. Jumla 1,746,000.

Njia ya pili huanza na kazi: ungemlipa nani, na kiasi gani, akushikie usukani? Kama nahodha wa kuajiriwa angepata milioni 6 kwa mwaka, hizo ndizo jasho, kodi 220,800. Milioni 9 zilizobaki ni za mtaji, kodi 900,000. Jumla 1,120,800.

Wavuvi wetu wataipenda hii ya pili, kwa sababu wanaijua. Baada ya kutoa mafuta, samaki hugawanywa: kuna fungu la chombo na kuna mafungu ya watu, na mwenye chombo aliyeingia majini huchukua kotekote. Ni mikondo miwili iliyokuwepo kabla ya mamlaka yoyote ya kodi. Tatizo ni kwamba mgawo huo ni wa mdomo na hubadilika kwa msimu na kwa makubaliano, na afisa wa TRA hana pa kuushika. Thamani ya injini na nyavu, pamoja na usumbufu wake, angalau ina risiti.

Lakini sababu kubwa ya kuzitenganisha njia hizi ni bahati. Tazama mwaka mbaya, mwaka wa kawaida na mwaka wa dagaa wengi, mali ikibaki ile ile na nahodha akiwa na thamani ile ile:

| Faida ya mwaka | Ngazi moja | Mikondo miwili, kuanzia mtaji | Mikondo miwili, kuanzia kazi |
|---|---|---|---|
| 6,000,000 | 220,800 | 360,000 | 220,800 |
| 15,000,000 | 2,436,000 | 1,746,000 | 1,120,800 |
| 30,000,000 | 6,936,000 | 6,216,000 | 2,620,800 |

Soma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini. Ukianzia kazi, kila shilingi ya bahati, ya ujuzi wa kusoma ziwa, ya kujuana na wanunuzi, inaangukia kwenye asilimia 10. Ukianzia mtaji, shilingi hiyo hiyo inapanda ngazi, na nafuu inakoma kwenye zile 3,600,000 ambazo mali ingeleta hata mikononi mwa mtu wa kawaida. Nahodha hodari hafanani na akaunti ya muda maalumu, wala ustadi wake haupotezwi na mfumuko wa bei. Kwa hiyo kati ya njia hizi mbili nachagua kuanzia mtaji, ingawa najua itamuudhi kila mwenye chombo ninayemfahamu.

Mstari wa kwanza wa jedwali una kasoro, na si ndogo

Kwenye faida ya milioni 6, mikondo miwili ya kuanzia mtaji inamtoza mvuvi 360,000 mahali ambapo ngazi moja ingemtoza 220,800. Mfumo uliokuja kumpunguzia umemwongezea. Miaka ya namna hiyo ipo: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, na miezi hiyo mitatu mtumbwi ulikuwa juu ya mchanga huku sheria ya namna hii ingeendelea kuuhesabia pato la asilimia 12. Faida ikishuka hadi milioni 2, pato la kukadiria la 3,600,000 linaizidi faida yenyewe. Hata ukilikomesha kwenye faida aliyoipata, anadaiwa 200,000 wakati kwenye ngazi moja hadaiwi kitu.

Chanzo chake kinaonekana ukikagua hesabu. Jasho lake kwenye mwaka wa milioni 6 ni 2,400,000 tu, kwa hiyo anaacha nafasi ya 840,000 kwenye sehemu isiyotozwa, na nafasi hiyo inapotea kwa sababu upande wa mtaji hauna sehemu ya sifuri. Pili, asilimia 10 iko juu ya ngazi ya kwanza ya mshahara, ambayo ni asilimia 8.

Rekebisha yote mawili. Ruhusu ile 840,000 ivuke kwenda upande wa mtaji, na ushushe kiwango cha mtaji hadi asilimia 8. Zinabaki 2,760,000 za kutozwa, kodi 220,800, sawasawa kabisa na ngazi moja. Hiyo haikutokea kwa bahati. Kiwango cha mtaji kikiwa sawa na ngazi ya chini ya mshahara, na msamaha wa chini ukitumika pande zote, mtu mdogo hawezi kuumia kwa kugawanywa. Norway hufanya hivyo, msamaha wake wa binafsi unatolewa kwenye mapato ya jumla yakiwemo ya mtaji. Sweden haifanyi, msamaha wake wa kawaida hauvuki kwenda kwenye mapato ya mtaji. Kwa Kigoma ningechukua ya Norway.

Na asiyetunza hesabu? Huyo mikondo miwili haimhusu. Bila daftari la mali hakuna cha kuzidisha kwa asilimia 12, na kumlazimisha muuza mawese wa Ujiji apime thamani ya madumu yake ni kupoteza muda wa watu wawili. Abaki kwenye kodi ya makadirio ya mauzo.

Ukiichagua, ujue itavujia wapi

Mahali pa kwanza ni thamani ya mali. Kila milioni inayoongezwa kwenye daftari inahamisha 120,000 kutoka kwenye ngazi ya asilimia 20, 25 au 30 kwenda kwenye asilimia 10. Mwenye chombo wetu akijiandikia milioni 60 badala ya 30, kodi yake inashuka kutoka 1,746,000 hadi 1,272,000. Afisa anaweza kulinganisha thamani hiyo na uchakavu alioudai, kwa kuwa mali haiwezi kuwa imechakaa upande mmoja wa hesabu na kuwa mpya upande wa pili. Injini ya mtumbwi ni rahisi kuikagua. Nyavu ni ngumu, huchanika na kubadilishwa vipande vipande, na risiti zake hazikai.

Mahali pa pili ni jina. Norway ilitumia kanuni ya kugawa kwenye makampuni ambayo mmiliki anayefanya kazi alikuwa na angalau theluthi mbili. Wamiliki wakaanza kuingiza wanahisa wa kukaa tu ili washuke chini ya kiwango hicho, na makampuni yaliyoguswa na kanuni yakapungua mwaka hadi mwaka. Huku kwetu ingekuwa kazi ya asubuhi moja, maana kila mtu ana shemeji. Mwaka 2006 Norway iliachana na kanuni hiyo kwa wanahisa: kampuni ikalipa asilimia 28, na gawio linalozidi pato la kawaida la mtaji likalipa tena asilimia 28 ya zile 72 zilizobaki, jumla asilimia 48.16, karibu na ngazi ya juu ya mshahara. Baada ya hapo haikuwa na faida kubwa kuuita mshahara gawio. Finland nayo imeacha kiwango kimoja kabisa: hutoza asilimia 30 hadi euro 30,000 za mapato ya mtaji na asilimia 34 kwa zinazozidi.

Mahali pa tatu ni pengo kati ya kodi ya kampuni na kodi ya mtu, na hili liko kwetu hata leo. Kampuni inalipa asilimia 30. Mwenye kampuni akiwa na godauni kwa jina lake na kuipangisha kampuni yake kwa milioni 10 kwa mwaka, kampuni inaokoa milioni 3 za kodi, yeye anakatwa zuio la milioni 1. Sheria inataka pango liwe la bei ya soko, lakini bei ya soko ya godauni Kigoma si kitu unachokisoma gazetini. Wale wa Kaskazini walipoanza waliliziba hili kwa kufananisha viwango. Norway ya 1992 ilikuwa na asilimia 28 kwa kampuni na asilimia 28 kwa mtaji wa mtu, hivyo kuhamisha pango huku na huku hakukumsaidia yeyote.

Hapo ndipo uchaguzi wetu unapobana. Ili kumlinda mvuvi mdogo kiwango cha mtaji kinatakiwa kikaribie asilimia 8. Ili kuziba pengo la godauni kinatakiwa kikaribie asilimia 30. Haviwezi kupatana mpaka kodi ya kampuni ishuke au ngazi ya kwanza ya mshahara ipande, na sijaona mwanasiasa wa kuipandisha ya pili. Nikilazimishwa kuchagua leo, ningekubali asilimia 10 kwa pande zote za mtaji, msamaha wa chini uvuke mikondo, na pango linalolipwa na kampuni kwa mmiliki wake litolewe kwenye mkondo wa mtaji na kupandishwa ngazi. Mvuvi wa milioni 6 angelipa 276,000. Bado ni juu ya 220,800, lakini si 360,000.

Kisha kuna ile asilimia 12 niliyoitumia, ambayo wengi wangeipitisha bila kuitazama. Ishushe hadi 8, na kodi ya mwenye chombo wa milioni 15 inapanda kutoka 1,746,000 hadi 1,956,000, bila ngazi yoyote kuguswa. Norway hufunga kiwango cha namna hii kwenye riba ya dhamana za serikali. Sisi tukimwachia Waziri akitangaze kila Juni bila kukifunga kwenye kitu, mwenye chombo hatajua mwezi Januari, anaponunua injini, kama injini hiyo itahesabiwa kuleta 8 kwa mia au 12.